Kupima mnato kwa gololi: mwongozo kamili wa kulinganisha asali, mafuta ya nyonyo na shampuu

Wengi waliojaribu kipimo hiki, cha kuiachia gololi izame katika kimiminika na kuhesabu sekunde zake, wamerudi na malalamiko yanayofanana. Mmoja aliona gololi inazama kwenye mafuta ya alizeti upesi kama inavyozama majini, mwingine alipata asali ileile ikitoa sekunde 40 asubuhi na sekunde 22 mchana, na wa tatu akahitimisha kwamba shampuu yake ni nyepesi kuliko asali ilhali ilikuwa kinyume chake. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Kilichowaangusha ni mambo yasiyoonekana kwenye saa, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mambo hayo.

Kabla ya kuanza, tuelewane juu ya neno moja. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema uji mzito, shira nzito, mafuta mazito, na neno hilohilo tunalitumia kwa gunia la mchele. Katika kipimo hiki hayo ni mambo mawili yaliyo mbali. Mafuta ya nyonyo hutiririka polepole mno, lakini ukiyamimina juu ya maji yanaelea. Kwa hiyo ule ugumu wa kutiririka nitauita mnato, na gramu zilizomo katika kila mililita nitaziita msongamano. Anayeyachanganya haya mawili atapata jibu lisilo sahihi hata saa yake ikiwa ya dhahabu.

## Vitu vinavyohitajika

Tafuta chupa ndefu ya kioo, au ya plastiki angavu, yenye mdomo mpana na kuta zilizonyooka tangu juu hadi chini. Yangu ina upana wa sentimita 6 kwa ndani na kina cha sentimita 30. Chupa za maji zenye mikunjo hazifai, kwa sababu upana wake hubadilika na mikunjo hupotosha macho.

Utahitaji gololi za kioo za saizi mbili. Kubwa ni zile wanazochezea watoto, zenye kipenyo cha takriban milimita 16. Ndogo nilizipata kwenye midomo ya chupa tupu za attar za kupaka, ambazo huwa na kigololi kinachozunguka. Vyangu vina milimita 8. Hakikisha ni vya kioo, maana vingine ni vya chuma, na chuma huzama upesi kupita kiasi kwa kazi hii. Pata vitatu vinavyolingana ili usilazimike kukitoa kimoja kila baada ya mpimo. Usitumie ushanga wenye tundu, kwani tundu hubeba hewa na ushanga huzama ukiyumba.

Vingine ni mizani ya jikoni inayosoma gramu, kipimajoto, rula, utepe wa kunata wa rangi, kibano kirefu, kichujio, beseni, na saa ya kuhesabia sekunde, ambayo simu yoyote inayo. Kwa chupa ya upana wa sentimita 6 utahitaji takriban mililita 800 za kila kimiminika. Kwa asali hiyo ni zaidi ya kilo moja, kwa hiyo pima vyakula kwanza, kwa vyombo visafi, na shampuu iwe ya mwisho. Mpangilio huo ukigeuzwa, asali yote itanuka sabuni.

## Hatua ya 1: Weka alama kwenye chupa

Zungusha utepe mmoja sentimita 4 juu ya kitako cha chupa, na mwingine sentimita 20 juu ya huo. Katikati yao, yaani sentimita 10 juu ya ule wa chini, zungusha wa tatu. Kisha weka alama ndogo ya kujazia sentimita 4 juu ya utepe wa juu kabisa, ili kila kimiminika kifike usawa uleule.

Sentimita 4 za juu zipo ili kigololi kiwe kimekwisha kupata mwendo wake wa kudumu kabla hujabonyeza saa. Kinapoachiwa huongeza kasi kidogo, kisha ukinzani wa kimiminika ukalingana na nguvu inayokivuta chini, na hapo kasi haiongezeki tena. Mwendo huo wa kudumu ndio tunaoupima. Zile sentimita 4 za chini zipo kwa sababu kigololi hupunguza kasi kinapokaribia kitako, hata kabla ya kukigusa.

Utepe lazima uzunguke chupa nzima. Unapoinama na kuona ukingo wa mbele umeufunika ukingo wa nyuma, jicho lako liko sawa na alama. Ukiuona utepe kama duara lililobonyea, jicho liko juu au chini na utabonyeza kwa wakati usio wake.

## Hatua ya 2: Sawazisha joto na uondoe hewa

Hapa ndipo asali ya sekunde 40 ilipogeuka kuwa ya sekunde 22. Mnato hubadilika kwa joto kuliko watu wanavyodhani. Mafuta ya nyonyo yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi hupoteza takriban nusu ya mnato wake, na asali hupoteza zaidi ya hapo. Jua la dirishani kwa saa moja latosha kuharibu ulinganisho wote.

Mimina vimiminika vyote katika vyombo vyenye mifuniko, uvisimamishe pamoja ndani ya beseni la maji ya kawaida, viache usiku kucha chumbani, mbali na jiko na dirisha. Asubuhi pima joto la kila kimoja katikati yake, wala usitosheke na kupima maji ya beseni. Tofauti isizidi nusu nyuzi. Andika joto hilo, kwa kuwa matokeo bila joto hayawezi kulinganishwa na ya siku nyingine.

Usiku huo una faida ya pili: viputo vya hewa hupata muda wa kupanda. Shampuu iliyomiminwa sasa hivi imejaa vijiputo vinavyoning'inia bila kupanda, na kila kimoja hupunguza msongamano na kukizuia kigololi njiani. Unapoihamishia kwenye chupa ya kupimia, iinamishe chupa na umimine taratibu ukutani, kama anayemimina soda bila kutaka povu, kisha subiri tena mpaka uone safi. Shampuu yenye rangi ya maziwa, ambayo huwezi kuona kigololi ndani yake, haifai kwa njia hii hata kidogo.

## Hatua ya 3: Tafuta msongamano wa kila kimiminika

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo iliyomdanganya yule wa shampuu.

Chukua kichupa kidogo chenye mfuniko na uzito wake kikiwa kitupu uuandike. Kijaze maji hadi ukingoni, pima, utoe uzito wa kichupa. Kikaushe, ukijaze kimiminika chako hadi ukingoni vilevile, upime, utoe tena. Gawanya gramu za kimiminika kwa gramu za maji. Kichupa changu kilichukua gramu 200 za maji, gramu 282 za asali, gramu 204 za shampuu na gramu 192 za mafuta ya nyonyo. Msongamano wake ni basi 1.41, 1.02 na 0.96.

Sababu ya kujisumbua hivi ni kwamba kigololi hakivutwi chini na uzito wake wote. Kimiminika hukisukuma juu, na kadiri kimiminika kilivyo na msongamano mkubwa ndivyo msukumo unavyoongezeka. Kioo cha kawaida kina takriban gramu 2.5 kwa mililita. Ndani ya mafuta ya nyonyo kinabakiwa na 1.54 za kukivuta chini. Ndani ya asali kinabakiwa na 1.09 tu. Kwa hiyo asali hukichelewesha kigololi kwa njia mbili, kwa mnato wake na kwa kukibeba, na saa haiwezi kuzitenganisha. Utazitenganisha wewe kwa hesabu ya mstari mmoja katika Hatua ya 6.

## Hatua ya 4: Chagua kigololi kwa mpimo wa majaribio

Achia gololi moja kubwa kwenye kimiminika unachodhani ndicho chepesi kuliko vyote. Ikivuka sentimita 20 kwa muda usiofika sekunde 3, iweke kando, jaribu ndogo. Ndogo nayo isipofikisha sekunde 3, kiondoe kimiminika hicho kwenye ulinganisho.

Kiwango cha sekunde 3 si cha kubahatisha. Kidole cha binadamu huchelewa au kuwahi kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde, na katika mpimo wa sekunde moja kosa hilo ni kubwa mno. Lakini hata ungepiga video na kuhesabu picha moja moja, bado ungekosea. Gololi inayokwenda kasi hukinzwa zaidi na kazi ya kusukuma kimiminika pembeni kuliko na mnato wenyewe. Mafuta ya alizeti yana mnato wa takriban mara 50 ya ule wa maji, na bado gololi kubwa huvuka sentimita 20 za kimoja na za kingine kwa muda usiofika sekunde moja. Mtu hapo hapimi mnato tena.

Kwa sababu hiyo mafuta ya kupikia na shira nyepesi ya kaimati haviwezi kulinganishwa kwa gololi za kioo. Kwa vitu vya namna hiyo, tumia kikopo chenye tundu dogo chini na uhesabu muda wa kumwagika.

Kwangu, gololi kubwa ilivuka mafuta ya nyonyo kwa sekunde 1.4, na kile kidogo kwa sekunde 3.3. Nikachagua kidogo kwa vimiminika vyote vitatu. Usipime kimoja kwa gololi kubwa na kingine kwa ndogo kisha ukazilinganisha sekunde zake. Vilevile usibadilishe chupa katikati ya kazi: kuta hukichelewesha kigololi sana, na ucheleweshaji huo hausumbui ulinganisho ikiwa tu ni uleule kwa kila kimiminika.

## Hatua ya 5: Achia, bonyeza, rudia

Kichovye kigololi katika kimiminika chenyewe na ukigeuzegeuze mpaka kilowe pande zote. Kikavu hushuka kikiwa na kiputo mgongoni, na kiputo hicho hukichelewesha.

Kishike kwa kibano, ukiingize chini kidogo ya uso wa kimiminika, katikati kabisa ya mdomo wa chupa, kisha ufungue kibano bila kukisukuma. Kukiangusha kutoka juu huingiza hewa na hukipa kasi ambayo si yake.

Inama mpaka kingo za utepe wa juu zikutane. Bonyeza saa wakati sehemu ya chini ya kigololi inapogusa ukingo wa juu wa utepe. Hamisha jicho hadi utepe wa katikati, soma muda bila kusimamisha saa (simu nyingi zina kitufe cha mzunguko kwa kazi hii), kisha bonyeza ya mwisho kwenye utepe wa chini, kwa sehemu ileile ya kigololi na ukingo uleule.

Muda wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili ukilingana, mpimo umefaulu: kigololi kilikuwa na mwendo wa kudumu safari nzima. Nusu ya pili ikiwa ndefu mara zote, huenda chini kuna baridi kuliko juu, au asali imeanza kuganda chini. Nusu ya pili ikiwa fupi mara zote, huenda kigololi hakikuwa kimefikia mwendo wake, au juu kuna baridi kuliko chini. Kikitoka katikati na kuukaribia ukuta, tupa mpimo huo, kwani karibu na ukuta hushuka polepole zaidi.

Pima mara tano kwa kila kimiminika. Vigololi vitatu vikishafika chini, vitoe kwa kumimina kupitia kichujio, kisha ngoja tena viputo vipotee. Zipange sekunde tano kuanzia ndogo hadi kubwa na uchukue ile ya katikati. Asali yangu ilitoa 28.4, 28.8, 29.0, 29.3 na 29.7, ninaandika 29.0. Ukiona mpimo mmoja umeachana na wenzake, usiufute kwa kuwa tu hupendezwi nao. Tafuta sababu kwanza, kama kiputo au ukuta, na ukiikosa uache ubaki.

## Hatua ya 6: Geuza sekunde kuwa mnato linganishi

Hesabu yenyewe ni hii:

```
mnato linganishi = (2.5 - msongamano wa kimiminika) x sekunde
```

Haya ndiyo niliyoyapata kwa kigololi cha milimita 8, kwa joto la nyuzi 27:

| Kimiminika | Sekunde | 2.5 kutoa msongamano | Mnato linganishi |
|---|---|---|---|
| Mafuta ya nyonyo | 3.3 | 1.54 | 5.1 |
| Shampuu | 24.0 | 1.48 | 35.5 |
| Asali | 29.0 | 1.09 | 31.6 |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Saa inasema asali ndiyo yenye mnato mkubwa, kwa sekunde 5 nzima. Hesabu inageuza mpangilio: shampuu imeizidi asali kwa takriban asilimia 12, na ile ziada ya muda kwenye asali ilitokana na kukibeba kigololi. Bila kile kichupa cha Hatua ya 3 ningeandika kinyume, tena kwa kujiamini.

Tarakimu hizo hazina kipimo cha kitaalamu nyuma yake. Zinaeleza tu kwamba, katika chupa hii na kwa kigololi hiki, mnato wa asali ni kama mara 6 ya ule wa mafuta ya nyonyo. Ule wa mafuta ya nyonyo wenyewe uuamini kwa tahadhari, kwa kuwa kosa la kidole katika sekunde 3.3 laweza kufika asilimia 6.

## Hatua ya 7: Jaribu shampuu kwa gololi ya pili

Asali na mafuta ya nyonyo ni vimiminika vya tabia moja: uvikoroge polepole au kwa nguvu, mnato haubadiliki. Shampuu nyingi si hivyo. Zikiwa zimetulia huwa nzito, na zikisukumwa kwa kasi hulegea, ndiyo maana ile iliyosimama kiganjani kama jeli hutawanyika kichwani mara unapoanza kusugua.

Ili kujua yako ni ya aina gani, pima asali na shampuu kwa gololi kubwa pia, kisha gawanya sekunde za ndogo kwa sekunde za kubwa. Kwenye asali nilipata 29.0 kwa 11.0, yaani 2.6. Hicho ndicho kiwango cha kawaida cha chupa yangu, nacho hutokana na ukubwa wa gololi na upana wa chupa tu. Shampuu ingekuwa na tabia ya asali nayo ingetoa 2.6. Ilitoa 24.0 kwa 8.0, yaani 3.0. Gololi kubwa, kwa kuwa inakwenda kasi zaidi, imeilegeza shampuu na kujipatia njia.

Sasa rudia hesabu ya Hatua ya 6 kwa gololi kubwa. Asali ni 1.09 mara 11.0, sawa na 12.0. Shampuu ni 1.48 mara 8.0, sawa na 11.8. Ule ushindi wa asilimia 12 umetoweka na vimiminika viwili vimekuwa sare. Hakuna mpimo uliokosewa hapo. Shampuu haina mnato mmoja wa kulinganishwa. Katika daftari langu nimeandika hivi: «nyuzi 27, kigololi cha milimita 8: shampuu mbele, gololi ya milimita 16: sare». Saizi ya gololi isipoandikwa, mstari huo hauna maana.

Kuna jeli za nywele na baadhi ya shampuu zenye chembe zinazoelea ambazo kigololi kidogo hukaa ndani yake bila kushuka. Ukingoja dakika 10 na hakijasogea, usiandike «mnato mkubwa sana». Andika kwamba kimesimama, kisha weka gololi kubwa juu yake uone kama nayo itasimama.